Nakala ya mwandishi: makala iliyofungwa na mlango wake wa pili

Umetafuta makala ya kisayansi, umeipata, ukabofya, na kilichofunguka ni muhtasari na bei kwa dola. Wengi huishia hapo, au huenda kwenye tovuti za wizi wa machapisho. Lakini makala moja huwa na zaidi ya umbo moja, na mara nyingi kilichofungwa ni umbo la mwisho tu.

Mtafiti huanza na rasimu anayoituma kwa jarida. Wahakiki huisoma na kuikosoa, naye huirekebisha, pengine mara mbili au tatu, hadi mhariri anapoikubali. Faili lile lililokubaliwa, likiwa bado limechapwa kwa kompyuta ya mwandishi mwenyewe, ndilo huitwa nakala ya mwandishi. Baada yake mchapishaji huipanga katika safu, huweka nembo ya jarida na namba za kurasa, na hilo ndilo toleo linalouzwa. Kisayansi, nakala ya mwandishi imeshapita kwa wahakiki. Kinachokosekana humo kwa kawaida ni mapambo na masahihisho madogo ya lugha.

Uhalali wake unatokana na mkataba. Mwandishi akikabidhi haki za toleo la mwisho, wachapishaji wengi bado humruhusu kuweka nakala yake katika hifadhi ya mtandaoni ya chuo au ya mfadhili, pengine baada ya miezi 6 au 12. Nao wafadhili wengine, kama Wellcome ya Uingereza, huweka sharti kwamba utafiti waliougharamia uweze kusomwa na yeyote bila malipo.

Tuchukue makala ya mwaka 2005 katika jarida la Nature, iliyokadiria ugonjwa wa malaria duniani. Mwandishi wake wa kwanza, Robert Snow, alikuwa akifanya kazi Nairobi katika mpango wa KEMRI na Wellcome. Ilikadiria kwamba mwaka 2002 watu waliugua malaria ya *Plasmodium falciparum* takribani mara milioni 515. Makala nyingi za siku hizi zina namba ya kudumu, DOI, na ya hii ni 10.1038/nature03342. Inakili namba hiyo, au kichwa kizima ukakitia ndani ya alama za kunukuu:

```
"The global distribution of clinical episodes of Plasmodium falciparum malaria"
```

Kiweke kwenye Google Scholar. Usikimbilie kubofya kichwa chenyewe, kwa sababu hicho mara nyingi hukurudisha kwa mchapishaji. Tazama upande wa kulia kama kuna kiungo kilichoandikwa [PDF] au [HTML], kisha shuka chini ya tokeo hadi maneno “All versions”, na idadi ikiwa katikati yake. Humo ndimo nakala za hifadhini hujificha. Kwa mambo ya afya, jaribu pia Europe PMC, ambako makala hii ipo. Utaitambua kuwa ni nakala ya mwandishi kwa maneno “Author Manuscript” na kwa mstari unaotaja jarida na kurasa za toleo rasmi. Ukinukuu, taja kurasa hizo rasmi, 214 hadi 217, wala si namba za faili ulilolipakua.

Asiyetaka kuhangaika aweke kiongezi kiitwacho Unpaywall kwenye kivinjari chake. Akifungua ukurasa wa makala yenye nakala halali mahali fulani, kufuli la kijani hutokea pembeni. Likiwa la kijivu, Unpaywall haijaona kitu. Hilo halimaanishi kwamba nakala haipo kabisa, maana huenda iko kwenye ukurasa binafsi wa mwandishi. Hapo mwandikie barua pepe fupi, anwani yake mara nyingi huwa kwenye ukurasa wa muhtasari. Kumtumia msomaji mmoja nakala ni desturi ya zamani ya watafiti, na wengi hufurahi kuulizwa.

Jihadhari na mitandao ya watafiti kama ResearchGate. Kuna faili humo zilizowekwa kihalali, na kuna zenye nembo ya mchapishaji ambazo mwandishi hakuwa na ruhusa kuzipandisha. Mwaka 2017 wachapishaji wawili wakubwa waliishtaki ResearchGate kwa sababu hiyo hiyo.

Upungufu mkubwa wa nakala ya hifadhini, kwa maoni yangu, ni kwamba haipati habari. Kosa likigunduliwa baadaye, au makala ikifutwa, tangazo huwekwa kwenye ukurasa wa mchapishaji, na faili ulilolipakua hubaki vilevile. Kwa hiyo kabla ya kunukuu takwimu yoyote, rudi kwenye ukurasa ule uliokudai dola. Matangazo ya masahihisho na ya kufutwa kwa kawaida husomwa pale bila kulipa.