Matabaka ya biti na kontua bandia: dhana potofu na ukweli wake

Mifano yote hapa ni ya picha ya kijivu ya biti 8, yaani kila pikseli ina thamani kati ya 0 (nyeusi kabisa) na 255 (nyeupe kabisa). Ukichukua biti moja tu kutoka kila pikseli unapata tabaka la biti. Yapo manane, na huhesabiwa kuanzia 0, ambalo biti yake ina uzito wa 1, hadi 7, ambalo biti yake ina uzito wa 128.

Dhana: Tabaka la 7 ndilo lenye picha, matabaka ya chini ni takataka.

Ni kweli kwamba katika picha iliyopigwa kwenye mwanga wa kutosha, tabaka la 0 na la 1 hufanana na chengachenga za televisheni isiyo na mawimbi. Lakini hilo linatokana na picha yenyewe, si na namba ya tabaka. Picha ya chumba chenye giza ambayo thamani zake haziizidi 31 ina matabaka ya 5, 6 na 7 meusi tupu, na kila kitu kilichomo kiko katika matano ya chini. Mtu akitupa matabaka manne ya chini kwa mazoea, anabakiwa na viwango viwili tu: 0 na 16. Kwa hiyo tazama histogramu kwanza, na kama picha imejibana upande mmoja, itanue kabla ya kukata chochote.

Wapo pia wanaosema matabaka yao yote "yametoka meusi". Kosa hapo ni la kuonyesha. Msimbo huu unatoa 0 na 1, na jicho halitofautishi 1 na 0 kwenye skrini ya viwango 256, ndiyo maana mwishoni tunazidisha kwa 255:

```python
t = ((img >> 3) & 1) * 255
```

Jambo jingine ni kwamba mpaka unaouona ndani ya tabaka la 7 si lazima uwe ukingo wa kitu. 127 ni 01111111 na 128 ni 10000000. Ukuta laini unaopita taratibu kutoka 127 kwenda 128 hubadilisha biti zote nane kwa mpigo, ingawa mwanga umeongezeka kwa kiwango kimoja tu. Anayetaka kubana kila tabaka peke yake hubadili kwanza thamani ziwe msimbo wa Gray, `g = img ^ (img >> 1)`, ambamo 127 huwa 01000000 na 128 huwa 11000000: biti moja tu imegeuka.

Dhana: Mikanda inayoonekana angani inatokana na uchache wa pikseli.

Uchache wa pikseli una dalili zake: vijimraba, na kingo zenye vidato kama ngazi. Mikanda ni ugonjwa mwingine, nao hutokana na uchache wa viwango vya kijivu. Huitwa kontua bandia kwa sababu hufanana na kontua za ramani, ila hazifuati umbo lolote lililokuwapo mbele ya kamera.

Chukua anga yenye upana wa safu 512 za pikseli, ambayo mwanga wake unapanda kutoka 100 hadi 163. Hizo ni thamani 64, na kila moja inashika safu 8. Ngazi ya 1 kati ya 255 ni ndogo mno, jicho halioni kitu. Sasa bakiza matabaka manne ya juu tu, uwe na viwango 16:

```python
q = (img >> 4) * 17
```

(Tunazidisha kwa 17 ili nyeupe ibaki 255. Ukitumia `img & 0xF0` nyeupe inashuka hadi 240 na picha nzima inafifia kidogo.) Anga yote sasa ina thamani tano tu: 102, 119, 136, 153 na 170. Mikanda mitatu ya katikati ina upana wa safu 128 kila mmoja, na kati ya mkanda na mkanda kuna mruko wa 17. Jicho nalo linazidisha mambo, kwani kwenye mpaka wa maeneo mawili yenye mwanga tofauti huona ukanda mweusi zaidi upande mmoja na mweupe zaidi upande wa pili. Ernst Mach alieleza jambo hili mwaka 1865.

Ukipiga anga hiyohiyo kwa safu 1,024, mikanda itakuwa na upana wa 256, lakini mruko utabaki 17. Pikseli zimeongezeka maradufu na kontua ziko palepale.

Kosa la namna hiyo lipo pia kwenye paa la makuti au majani ya mwembe katika picha hiyohiyo. Huko halionekani, kwa sababu thamani za pikseli jirani tayari zinaruka sana, na mruko wa 17 unapotea katikati yake.

Dhana: Chengachenga huharibu picha, basi ziondolewe kabla ya kupunguza viwango.

Hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Chengachenga kidogo zikiongezwa *kabla* ya kukata viwango huvunja kontua bandia. Kwa ngazi ya 16, zinatosha thamani za nasibu kati ya -8 na 8:

```python
d = np.random.default_rng().uniform(-8, 8, img.shape)
q = np.clip(np.floor((img + d) / 16), 0, 15).astype(np.uint8) * 17
```

Pikseli yenye thamani 112 iko mpakani kabisa. Bila nasibu, zote za 111 huenda 102 na zote za 112 huenda 119. Kwa nasibu, karibu nusu ya pikseli za 112 huenda huku na nusu kule, na jicho likitazama kwa mbali kidogo hupata wastani. Viwango bado ni 16, ila mpaka hauna tena mstari wa kufuatwa. Lawrence Roberts alichapisha mbinu ya aina hii mwaka 1962, na yeye aliziondoa chengachenga zilezile upande wa mpokeaji.

Kuziongeza baada ya kukata hufunika tu mpaka, hakurudishi mteremko uliopotea. Kusawazisha picha kwa ukungu baada ya kukata hulainisha mpaka huku kukifuta maelezo ya kweli.

Dhana: Biti 8 kwanza, pikseli ndizo za kupunguzwa.

Tuseme una baiti 65,536. Zinatosha picha ya 256×256 kwa biti 8, ya 362×362 kwa biti 4, au ya 512×512 kwa biti 2. Ipi bora? Mwaka 1965 Thomas Huang aliwaonyesha watazamaji picha za aina tatu (uso wa mwanamke, mpiga picha na kamera yake, na umati wa watu) akibadili idadi ya pikseli na ya viwango. Kwa umati, idadi ya pikseli ikiwa ileile, ubora uliosemwa haukutegemea sana idadi ya viwango. Uso ulikuwa tofauti, maana shavu ni mteremko laini kama anga.

Kwa hiyo picha ya soko lililojaa watu ipunguzie biti. Picha ya uso, ukungu au bahari tulivu ipunguzie pikseli, au ushuke hadi biti 4 pamoja na nasibu.

Akiba hiyo haipatikani kwenye safu ya `uint8`, kwani kila pikseli hubaki na baiti nzima hata ikiwa na viwango 4. Hifadhi kwa PNG ya kijivu, inayokubali biti 1, 2, 4, 8 na 16. JPEG itaingiza thamani mpya kati ya viwango vyako. Kubadili ukubwa wa picha kwa kukadiria wastani wa pikseli jirani hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo badili ukubwa kwanza, kata viwango mwisho, kisha hesabu `np.unique(q).size`. Ikizidi 16 kwenye picha ya biti 4, kuna hatua iliyowekwa mahali pasipo pake.