Uhakiki wa takwimu za kihistoria: nani aliwahesabu wafu wa Maji Maji?

Waliokufa katika Vita vya Maji Maji ni wangapi? Ukiuliza, utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni 75,000. La pili ni kati ya 250,000 na 300,000. Vita ni vilevile, vya 1905 hadi 1907, na eneo ni lilelile la kusini mwa iliyokuwa koloni la Wajerumani, lakini jibu la pili ni zaidi ya mara tatu ya la kwanza. Wengi wetu huchagua moja kwa kufuata hisia: anayewachukia wakoloni huchukua kubwa, anayeamini nyaraka za serikali huchukua ndogo.

Uhakiki wa takwimu za kihistoria ni kazi ya kuichukulia namba kama ushahidi wa shahidi fulani. Shahidi huulizwa alikuwa wapi, aliona nini, na ana maslahi gani. Namba nayo iulizwe hivyo: nani alihesabu, alihesabu kwa sababu gani, na njia aliyotumia ingeweza kumfikisha karibu na ukweli kiasi gani? Lengo si kumwita mtu mwongo. Mara nyingi aliyehesabu alikuwa mkweli kabisa, ila alihesabu kitu kingine tofauti na tunachokitafuta sisi.

Tuanze na namba ambayo haina ubishi mkubwa. Wajerumani waliandika kwamba upande wao ulipoteza Wazungu 15, askari 73 na wapiganaji wasaidizi 316. Kwa nini namba hizi zinaaminika zaidi? Kwa sababu askari alikuwa na jina kwenye orodha ya mshahara, na bunduki aliyopewa ilikuwa mali ya serikali. Akifa, mshahara unasimama na bunduki inatafutwa, kwa hiyo karani alilazimika kujua. Kwa wasaidizi, yaani rugaruga, uhakika unapungua, maana wengi wao waliletwa na viongozi wa makabila yaliyoshirikiana na Wajerumani. Na wapagazi je, waliobeba risasi na vyakula? Orodha ya wapiganaji haikutengenezwa kwa ajili yao.

Sasa geukia upande wa pili wa mapigano. Tarehe 30 Agosti 1905, Wambunga na Wapogoro walishambulia boma la Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Ofisa aliyekuwa ndani ya boma angeweza kukisia waliolala mbele ya ukuta wake. Lakini majeruhi waliokokotwa na wenzao wakafia porini hakuwaona. Zaidi ya hapo, ripoti yake ilikwenda kwa wakubwa waliotaka kusikia kwamba adui amepigwa vibaya. Kwa hiyo taarifa za mapigano zina makosa ya pande zote mbili: zinaweza kuongeza wafu ili kumpamba ofisa, na zinaweza kuwapunguza kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwatafuta. Huwezi kudhani kwamba makosa hayo yanafutana.

Hata hivyo, mapigano hayakuwa muuaji mkubwa. Muuaji mkubwa alikuwa njaa, tena njaa ya kupangwa. Baadhi ya maofisa, akiwemo Kapteni von Wangenheim, walimshauri Gavana von Götzen kwamba silaha peke yake hazitoshi, na kwamba njaa ndiyo itakayowalazimisha watu kusalimu amri. Vikosi vilichoma vijiji na maghala, vikachukua nafaka, vikawazuia watu kulima. Walioathirika hawakufa siku ya mapigano. Walikufa miezi kadhaa baadaye, wakila mizizi msituni, wengine wakiugua, na vifo viliendelea hata baada ya vita vyenyewe kuzimwa. Hakuna askari aliyetumwa kuwahesabu. Ndiyo maana ile 75,000 ya serikali, hata kama iliandikwa kwa nia safi, ni kadirio la ofisini. Na serikali iliyoitoa ndiyo iliyochoma maghala, huku Ujerumani kwenyewe wapinzani bungeni wakiikosoa kwa ukatili na gharama za vita vya makoloni. Kadirio dogo lilikuwa na faida kwake.

Je, kadirio kubwa nalo halina mwenyewe? Linalo. Linatokana na Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyekusanya simulizi za wazee kusini mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati chuo kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kikiandika upya historia ya taifa changa. Taifa hilo lilihitaji kuiona Maji Maji kama vita vya watu wote, kwa hiyo hapa pia kuna sababu ya kuuliza maswali. Simulizi za wazee zina nguvu ambayo ripoti ya ofisa haina: zinajua kijiji gani kilitoweka, ukoo gani ulikwisha, watu walikula nini. Lakini mzee wa Umatumbi hawezi kukupa jumla ya wafu wa Ungoni, Upangwa na Umatumbi kwa pamoja.

Kadirio hilo hutajwa pamoja na maelezo kwamba ni kama theluthi moja ya wakazi wa eneo la vita. Hapa ndipo hesabu ndogo inaponisaidia kuliko hoja ndefu. Ikiwa 250,000 ni theluthi, wakazi walikuwa 750,000. Ikiwa 300,000 ni theluthi, walikuwa 900,000. Sasa chukulia walikuwa 600,000 tu: theluthi ileile inatoa 200,000, yaani watu 50,000 hadi 100,000 wanatoweka kwenye karatasi bila mtu yeyote kufufuka. Kila kitu kinategemea idadi ya wakazi kabla ya vita, na hiyo ilitoka wapi?

Haikutoka kwenye sensa. Tanganyika ilipata sensa inayostahili jina hilo mwaka 1948. Wajerumani walikuwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898, na kuhesabu nyumba kisha kuzidisha kwa idadi ya kukisia ya watu kwa kila nyumba ilikuwa njia ya kawaida ya makoloni. Mwenye akili alijua la kufanya akisikia mkusanya kodi anakuja: familia mbili zinabanana nyumba moja, au watu wanahamia porini kwa muda. Hesabu ya namna hiyo huwa chini ya ukweli, na huwa chini zaidi pale serikali isipofika, kama sehemu nyingi za kusini.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomaji makini. Ukilinganisha wakazi kabla na baada ya vita, pengo unaloliona si wafu peke yao. Wapo waliovuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Wapo pia ambao hawakuzaliwa kamwe: uchunguzi uliofanywa Ulanga miaka ya 1930 uliona kwamba wanawake waliopitia njaa ile walizaa watoto wachache. Ukiwaweka wote hao kwenye safu ya waliouawa, umeongeza. Ukiwaacha kabisa, umeficha sehemu ya madhara. Binafsi naona kadirio kubwa liko karibu zaidi na yaliyotokea, kwa sababu linaitia njaa hesabuni, ila singeliandika kana kwamba mtu alihesabu maiti moja baada ya nyingine. Ningeandika hivi: serikali ya Kijerumani ilitaja 75,000, Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na idadi ya wakazi kabla ya vita haikuwahi kuhesabiwa.