Asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia ngapi kwa mwaka?

Mshonaji mmoja alinijia na karatasi mbili mkononi. Alikuwa anatafuta 100,000 za kununulia cherehani, akitaka kulipa ndani ya miezi sita. Karatasi ya kwanza ilitoka kwa mkopeshaji binafsi, ya pili kwa chama cha kuweka na kukopa. "Kaka," akaniambia, "huyu ananitoza 10 tu, wale wa chama wanataka 36. Nimeshaamua, nimekuja unisomee masharti tu kabla sijatia saini."

Ile 10 ilikuwa ya mwezi, 36 ya mwaka. Katika kazi yangu ya kushauri watu wenye madeni, hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi, na linaniuma kwa sababu wanaolifanya si watu wasiojua hesabu. Yule dada anajua kitambaa cha mita tatu kinatoa nini na kinabakiza nini. Ni kwamba tu hakuna aliyemwambia kuwa namba mbili za riba hazilinganishwi mpaka ziwe za muda mmoja.

Hatua ya kwanza ni rahisi: zidisha kwa 12. Asilimia 10 kwa mwezi ni 120 kwa mwaka. Hapo tayari 36 ya chama imekuwa nafuu zaidi ya mara tatu. Lakini 120 ni kweli tu kwa kukadiria, kwa sababu inachukulia kwamba riba ya kila mwezi haizai riba nyingine. Mkopaji akishindwa kulipa, na mkopeshaji akaiingiza riba hiyo ndani ya deni, mwezi wa pili 10 inatozwa juu ya 110,000, wa tatu juu ya 121,000, na kuendelea. Ukifika mwezi wa 12, zile 100,000 zimekuwa karibu 313,800. Riba ya mwaka ni asilimia 214. Hata anayelipa riba mwisho wa kila mwezi bila kugusa deni lenyewe anabeba mzigo huohuo, kwa maana fedha inamtoka mapema badala ya kukaa kwenye biashara yake. Kwenye lahajedwali yoyote unaandika hivi:

```
=(1+0.10)^12-1
```

Wengi wanaoandika kuhusu riba huishia hapo. Mimi nilimwomba dada tusome mstari wa marejesho, maana mikopo mingi ya namna hii huficha gharama yake kwenye mstari huo. Karatasi ya mkopeshaji ilisema: riba asilimia 10 ya mkopo kwa kila mwezi, miezi sita, marejesho sawa. Hesabu yao ni 10,000 mara sita, jumla 60,000 za riba. Ukijumlisha na mkopo unapata 160,000, ukigawa kwa sita kila rejesho ni 26,667.

Tatizo ni lile neno "ya mkopo". Riba inakokotolewa juu ya 100,000 za mwanzo hadi siku ya mwisho, ilhali mkopaji anarudisha sehemu ya mkopo kila mwezi. Kwa hesabu ya mkopeshaji mwenyewe, mwezi wa sita mkononi mwa dada zimebaki 16,667 tu za mkopo, na bado analipa 10,000 za riba. Kwa hiyo 10 iliyoandikwa si riba ya fedha anayoishikilia.

Riba yenyewe inapatikana hata kwa kikokotoo cha simu, kwa kujaribu. Chukua namba yoyote, tuseme 15. Anza na 100,000, ongeza asilimia 15, toa rejesho la 26,667, linabaki salio la 88,333. Ongeza tena 15, toa rejesho, linabaki 74,916. Endelea hadi rejesho la sita. Mimi nilifika mwisho salio likiwa chini ya sifuri kwa 2,131, yaani kwa riba ya 15 mkopaji angekuwa amelipa kupita kiasi. Maana yake riba halisi iko juu ya 15. Nikarudia kwa 16, safari hii likabaki deni la 4,237. Kwa hiyo jibu liko katikati, karibu zaidi na 15. Lahajedwali inalitoa kwa mstari mmoja:

```
=RATE(6,-26667,100000)
```

Jibu ni asilimia 15.3 kwa mwezi. Ukizidisha kwa 12 unapata takriban 184 kwa mwaka, na ukihesabu riba juu ya riba inakaribia 454. Dada aliitazama ile 454 kwa muda mrefu, kisha akauliza kama nimekosea nukta. Sikukosea, ila nilimweleza isimtishe kuliko inavyostahili: hakuna atakayemdai 454,000. Kiwango cha mwaka ni kipimo cha kulinganishia mikopo, kama vile kilo inavyotumika kupima mzigo mdogo na mkubwa. Fedha atakayotoa mfukoni ni 60,000 za riba. Na anayekopa kwa mwezi mmoja tu na kulipa kwa wakati, gharama yake ni ile 10,000, na huenda kwake inafaa.

Kisha tukachukua karatasi ya chama. Riba yao ya 36 kwa mwaka ni asilimia 3 kwa mwezi, na waliandika wazi kwamba inatozwa juu ya salio linalobaki. Kwa miezi sita rejesho ni karibu 18,460, na riba yote karibu 10,760. Cherehani ileile, muda uleule: 60,000 upande mmoja, 10,760 upande wa pili.

Jambo moja zaidi la kuangalia ni fedha inayofika mkononi. Wapo wanaokata riba mapema: unaandikishwa 100,000 kwa asilimia 20 ya mwezi, unapewa 80,000, na mwisho wa mwezi unarudisha 100,000. Hapo umekopa 80,000 na kulipia 20,000, kwa hiyo riba ni asilimia 25, si 20. Ada ya fomu na ya kufungua faili zinafanya vivyo hivyo. Kwenye ile hesabu ya kujaribu, anza daima na kiasi ulichopokea, usianze na kilichoandikwa.

Kabla hajaondoka dada alitaka kujua kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: kama angechukua kwa mkopeshaji akapata oda kubwa na kumaliza deni mwezi wa tatu, je, angeokoa riba? Alimpigia simu palepale. Akajibiwa kwamba riba ya miezi sita inabaki palepale. Tukakokotoa: marejesho mawili ya 26,667, kisha 106,667 zote kwa pamoja mwezi wa tatu. Riba halisi ilipanda kutoka 15.3 hadi zaidi ya 21 kwa mwezi, kwa kuwa angelipa riba ileile kwa fedha aliyoitumia nusu ya muda. Kwa masharti hayo, kuwahi kulipa kungeufanya mkopo kuwa ghali zaidi. Aliikunja ile karatasi ya kwanza, akabaki na ya chama, akaniuliza fomu yao inahitaji wadhamini wangapi.