Kliniki mpya Tanga: dhana potofu kuhusu taarifa ya kuitangaza

Meza ya habari ya redio au gazeti hapa Tanga haikosi karatasi yenye nembo juu na maneno "Taarifa kwa vyombo vya habari" yaliyokolezwa wino. Kliniki inapofunguliwa, karatasi hiyo mara nyingi huandikwa na mtu wa utawala aliyekuwa akishughulikia kibali, mapazia na maji ya chupa ya wageni, tena usiku wa manane. Anaandika kwa mazoea aliyoyaona kwa wengine, na mazoea hayo yamebeba dhana kadhaa zisizo sahihi. Tuchukue kliniki ya macho ya mfano, iliyoko Makorora, tuifuate taarifa yake.

Dhana: taarifa huanza na mgeni rasmi

Rasimu nyingi huanza hivi: "Uongozi wa kliniki unayo furaha kuwatangazia wananchi wote kuwa mheshimiwa fulani anatarajiwa kuwa mgeni rasmi katika hafla ya uzinduzi wa kliniki ya kisasa yenye vifaa vya kisasa na wataalamu waliobobea." Mtangazaji akisoma hapo ameshamaliza nusu ya muda wake, na msikilizaji wa Mikanjuni mwenye mama anayelalamika macho hajui bado kinachofunguliwa ni cha nini.

Mhariri mwenye nafasi finyu hukata kuanzia chini. Ndiyo maana aya ya kwanza lazima iweze kusimama peke yake: nani, nini, wapi, lini, na kwa ajili ya nani. Kichwa cha habari nacho kiseme tukio, kisiseme sifa. Kwa kliniki yetu kingekuwa "Kliniki ya macho yafunguliwa Makorora, kupokea wagonjwa Septemba 1". Kisha aya ya kwanza:

"TANGA. Kliniki mpya ya macho itaanza kupokea wagonjwa Makorora, jijini Tanga, Jumatatu, Septemba 1, 2025. Itapima uwezo wa kuona, presha ya macho na macho ya wagonjwa wa kisukari, na itatengeneza miwani. Wanaohitaji upasuaji watapewa rufaa."

Sentensi ya mwisho ndiyo wenye kliniki huiogopa. Wanaona kusema "hatufanyi upasuaji" ni kujishushia hadhi. Lakini mzee aliyepanda daladala kutoka Pongwe akitaka kutolewa mtoto wa jicho, akaambiwa mlangoni kwamba huduma hiyo haipo, atalisimulia jambo hilo msikitini na sokoni kwa muda mrefu kuliko tangazo lolote.

Mgeni rasmi hajafukuzwa. Anakaa aya ya tatu au ya nne, na tarehe yake.

Dhana: siku ya uzinduzi ndiyo siku ya kufungua

Mara nyingi sivyo. Kliniki yetu inaanza kazi Septemba 1, lakini sherehe ni Jumamosi, Septemba 13, kwa sababu ratiba ya mgeni iliruhusu siku hiyo. Taarifa inayotaja tarehe ya 13 peke yake huleta wagonjwa kwenye mahema na spika za muziki, na kwa wiki mbili za mwanzo vyumba vikae vitupu. Andika zote mbili, na useme kabisa kama siku ya sherehe huduma zitaendelea au la.

Saa nazo zina mtego wake. Rasimu ikitungwa kwanza kwa Kiingereza, saa nane ya asubuhi ya Kizungu huponyoka na kuingia kwenye Kiswahili vilevile, ilhali ni saa 2:00 asubuhi. Kama kliniki inasimama Ijumaa mchana kwa ajili ya swala, hilo nalo liandikwe. Kwa Tanga ni taarifa yenye kazi. Mahali pa kliniki paelezwe kwa alama ambayo mwenye bodaboda anaijua. Namba ya kiwanja haimfikishi mtu.

Dhana: "bima zote zinapokelewa"

Hapa sina huruma. Kituo hakipokei kadi za NHIF kwa sababu tu mwenyewe ameamua. Ni lazima kwanza kisajiliwe na kiwe na mkataba na Mfuko. Kampuni binafsi za bima nazo huingia mkataba na kituo kimoja kimoja. Kliniki inaweza kufunguliwa leo huku maombi yake ya bima bado yanashughulikiwa. Hali ikiwa hivyo, andika: "Kwa sasa malipo ni taslimu na kwa simu, maombi ya kupokea bima yanaendelea." Kisha taja bei ya huduma moja ambayo kila mtu ataiulizia, yaani ya kumwona daktari.

Aina ya kituo nayo ifuate kibali. Kilichosajiliwa kama kliniki kisiitwe hospitali kwenye kichwa cha habari, hata kama ghorofa ni tatu.

Dhana: nukuu ni pambo la kujaza karatasi

"Tumejipanga kikamilifu kuwahudumia wananchi kwa weledi wa hali ya juu." Sentensi hii inaweza kusemwa na kliniki, benki au kiwanda cha saruji, na mhariri huifuta bila kuisoma mara ya pili.

Nukuu ipo ili mtu aseme jambo ambalo taarifa yenyewe haiwezi kulisema kwa sauti yake: sababu, wasiwasi, tathmini. Haina haja ya kurudia anwani wala tarehe. Mganga mfawidhi wa kliniki yetu angeweza kusema: "Mtu mwenye kisukari anahitaji kupimwa macho walau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Wengi husubiri mpaka jicho moja lifubae. Ndiyo maana tumeanza na kipimo hiki." Hapo mtangazaji ana kitu cha kusoma, na msikilizaji ana jambo la kufanya.

Wapo wanaoamini kwamba alama za kufunga na kufungua semi zinaruhusu kusema lolote. Haziruhusu. Presha ya macho ikishaharibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi. Matibabu huzuia hasara isizidi. Daktari akinukuliwa akiahidi "kurejesha uoni wa kila mgonjwa", amesema uongo kwa jina lake, na maadili ya taaluma yake hayapendi daktari anayejinadi. Ofisa habari kumtungia bosi rasimu ya nukuu ni jambo la kawaida, mradi mwenyewe aisome na kuikubali kabla haijatoka. Kumtungia Mganga Mkuu wa Mkoa bila yeye kujua ni kughushi.

Dhana: picha ya mgonjwa akitabasamu inatosha, kwa kuwa hakukataa

Kutokukataa si kukubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, na mtu aliyepigwa picha kwenye kiti cha kupimia macho ameshatangazwa kuwa mgonjwa. Pata ridhaa ya maandishi, au piga picha ya mashine na mfanyakazi anayeiendesha.

Dhana: ukiandika "isitangazwe kabla ya Jumatatu", umelindwa

Hayo ni maombi na makubaliano tu. Taarifa ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Ngamiani, imekwisha. Kama jambo bado halijakamilika, usilitume.

Mwisho wa karatasi huwekwa maelezo mafupi ya mmiliki na namba ya simu. Namba hiyo isiwe ya mapokezi, kwa sababu mapokezi hufunga saa 11:00 jioni, na mhariri anayetaka kuhakikisha bei kabla ya taarifa ya saa 2:00 usiku atapiga saa 12:30.