Kol ya maskini: mtaji mdogo si hatari ndogo

"Inatumia chini ya theluthi moja ya pesa, kwa hiyo na hasara yake ni chini ya theluthi." Kila anayenijia akiwa ameshajifunza kol ya maskini mtandaoni, yaani kununua kol ndefu, haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa hadi tarehe ya mbali, badala ya hisa zenyewe, kisha kuuza kol ya muda mfupi juu yake, huja na kauli hii, na kwa wengi imeshawafanya wanunue mikataba mitatu badala ya mmoja. Nimechoka kuisikia, kwa hiyo nitaanza nayo na nitakaa nayo.

Dhana: Mtaji ukipungua, hatari nayo imepungua

Tuchukue namba za mfano. Hisa ya kampuni ya Marekani iko dola 100, maana yake hisa 100 ni dola 10,000. Kol ya miezi 18 yenye straiki, ile bei iliyopangwa, ya 75 inaweza kuuzwa dola 31, yaani 3,100 kwa mkataba wa hisa 100. Kati ya hizo 31, dola 25 ni thamani ya ndani, yaani 100 toa 75, na 6 ni thamani ya muda, malipo ya muda uliobaki. Juu yake unauza kol ya siku 35 yenye straiki ya 105 na kupokea dola 1.40, yaani 140 kwa mkataba.

Aliyenunua mkataba mmoja na kuziacha dola 6,900 kwenye dhamana fupi za serikali, sina ugomvi naye. Hasara yake kwa dola itakuwa ndogo kuliko ya mwenye hisa. Ugomvi wangu ni na aliyechukua mitatu kwa 9,300 akijiambia kwamba ametumia pesa ileile ya hisa 100. Huyo ameshika mzigo wa karibu hisa 270, maana kila mkataba husogea kama hisa 90 hivi.

Hisa ikishuka hadi 80 ndani ya miezi mitatu, mwenye hisa amepoteza 2,000. Kol ya 75 itakuwa imeporomoka hadi 13.50 hivi, maana thamani ya ndani imeshuka kutoka 25 hadi 5. Mwenye mitatu amepoteza karibu 5,250, zaidi ya nusu ya pesa yake. Primiamu alizokusanya kwa kuuza kol fupi zitapunguza maumivu tu. Tena mwenye hisa anaweza kungoja miaka, ila kol ina tarehe ya kufa.

Kosa kubwa hufuata hapo. Hisa ikiwa 80, straiki ya 105 hailipi chochote cha maana, basi mtu anauza ya 85 kwa dola 1 ili "mapato yasikatike". Mwezi unaofuata hisa inapanda hadi 95. Kol ndefu imerudi karibu 25, lakini ile ya 85 sasa inamgharimu 10 kuifunga. Kwa dola moja ameuza karibu safari yote ya kurudi. Mwenzake ambaye hakuuza kitu mwezi huo amebakiwa na pengo la dola 6 kutoka zile 31 alizolipa; yeye, ukihesabu na ile dola moja, ana pengo la 15.

Kipimo ni kimoja, na kifanye kabla ya kila kol unayouza: toa straiki ndefu kwenye straiki fupi, kisha linganisha na gharama halisi. Mwanzoni 105 toa 75 ni 30, na gharama ilikuwa 31 toa 1.40, yaani 29.60. Inapita kwa wembamba. Straiki ya 85 inaacha nafasi ya 10 dhidi ya gharama ya karibu 30. Isipopita, usiuze mwezi huo. Kaa na kol ndefu peke yake au ifunge.

Dhana: Nikiitwa, nitatekeleza kol yangu ndefu

Kuitwa ni mnunuzi wa kol fupi kudai umuuzie hisa. Hata hivyo usiitekeleze ile ndefu. Ukiitekeleza unatupa thamani yote ya muda iliyobaki, na unahitaji dola 7,500 taslimu kwa mkataba. Funga kol fupi mapema. Ikiwa umeshaitwa na una deni la hisa 100, zinunue sokoni kisha uiuze kol ndefu. Thamani ya muda inabaki kwako.

Dhana: Gawio halinihusu, sina hisa

Kweli hulipwi gawio, lakini unaweza kulilipa. Kol fupi ikiwa ndani ya pesa, yaani hisa iko juu ya straiki, na thamani yake ya muda ikawa ndogo kuliko gawio, mnunuzi ana sababu ya kuitekeleza siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio. Ukiamka una deni la hisa pamoja na gawio lake. Mwenye hisa halisi angezikabidhi tu na mambo yakaisha.

Dhana: Kol yoyote ndefu inatosha

Ya straiki ya 100 ni rahisi, lakini bei yake yote ni muda unaoyeyuka. Mimi sishuki chini ya delta 0.80, yaani kol inayosogea senti 80 kwa kila dola ya hisa, naangalia pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza kabla sijaweka oda, na naiondoa kol ndefu ikiwa bado na miezi mitano au sita, kabla muda haujaanza kuyeyuka kwa kasi.