Leseni ya Oracle kwenye wingu: wanayoamini watu na hesabu ilivyo

Kila kampuni inapopanga kuhamisha kanzidata yake ya Oracle kwenda kwenye seva za Amazon, mtu wa fedha huuliza swali lilelile: leseni si tunazo tayari, sasa tunalipia nini tena? Ni swali la haki. Tatizo ni majibu anayopewa, maana mengi hutolewa na watu ambao hawajawahi kukaa na mkaguzi wa leseni meza moja.

Njia ni mbili. Ya kwanza unakwenda na leseni yako uliyonunua zamani, na Amazon wanakutoza seva tu. Ya pili leseni imo ndani ya bei ya saa. Ukitengeneza kanzidata kwenye RDS, huduma ya Amazon ya kanzidata, utaona chaguo hizo zimeandikwa `bring-your-own-license` na `license-included`.

Dhana: Leseni nne za ofisini ni leseni nne kwenye wingu

Hii ndiyo ghali kuliko zote, kwa hiyo tuifanyie hesabu.

Chukua kampuni yenye seva ya Intel ya viini 8 kwenye chumba chake cha mitambo, ikiendesha Oracle Enterprise Edition, toleo kubwa la kanzidata hiyo. Kwa seva yake yenyewe, Oracle huzidisha idadi ya viini kwa kipimo kilichomo kwenye jedwali lao, na kwa Intel kipimo hicho ni 0.5. Viini 8 vinadai leseni 4 za prosesa. Kwa bei ya orodha leseni moja ni dola 47,500, hivyo zote ni dola 190,000, pamoja na ada ya msaada ya asilimia 22 kila mwaka, yaani dola 41,800. Wengi hupunguziwa, lakini uwiano haubadiliki.

Sasa kampuni inahamia EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, na kuchagua seva ya vCPU 16, yaani prosesa pepe 16. Kwa nguvu ni ileile: kila kiini halisi kinahesabiwa kama vCPU mbili, kwa hiyo 16 ni viini 8. Kwa leseni siyo ileile. Tangu Januari 2017, sera ya Oracle kwa wingu la Amazon na la Microsoft inasema vCPU mbili ni leseni moja, na lile jedwali la 0.5 halitumiki. Kumi na sita ukigawa kwa mbili ni leseni 8. Kampuni inazo 4. Pengo ni dola 190,000 nyingine kwa bei ya orodha, na ada ya mwaka inapanda hadi 83,600, bila kazi kuongezeka hata chembe.

Leseni hizohizo 4 zikipelekwa kwenye wingu la Oracle wenyewe zinatosha vCPU 16 bila nyongeza. Sihitaji kueleza kwa nini kanuni imewekwa hivyo.

Jambo moja la kuchekesha kidogo: waraka wenye kanuni hii unasema wazi kwamba ni wa kuelimisha tu na si sehemu ya mkataba. Wanasheria wa wateja hulishika sana hilo. Lakini mkaguzi akija, waraka huo ndio anaoanza nao, kwa hiyo anayepanga bajeti afadhali aufuate.

Dhana: Tutazima nusu ya vCPU na leseni zitapungua

EC2 inakuruhusu kuwasha seva kubwa huku ukiwa umezima baadhi ya viini vyake. Mafundi wanaipenda mbinu hii kwa sababu kanzidata nyingi zina njaa ya kumbukumbu kuliko ya prosesa: unabaki na RAM yote na viini vichache.

Ukweli ni kwamba waraka uleule wa Oracle unataka uhesabu vCPU za juu kabisa ambazo aina hiyo ya seva inaweza kuwa nazo, si zile ulizoziacha zikiwaka. Na Amazon nao hawakupunguzii bei ya seva. Njia salama ni kuchagua aina ya seva iliyozaliwa na vCPU chache na kumbukumbu nyingi. `x2iedn.2xlarge`, kwa mfano, ina vCPU 8 na GiB 256 za kumbukumbu. Inadai leseni 4, zile ambazo kampuni yetu inazo tayari. Saa yake ni ghali kuliko seva ya kawaida ya vCPU 8, ila ukiiweka kando ya pengo la dola 190,000 tofauti hiyo haikukoseshi usingizi. Kabla ya hapo pima matumizi ya prosesa ya seva ya zamani, hasa saa za kufunga mwezi, ujue kama viini 4 vitahimili.

Dhana: Seva ya akiba imelala tu, haihitaji leseni

Kwenye RDS ukiwasha `Multi-AZ`, nakala ya pili inakaa kwenye jengo jingine ikisubiri ya kwanza ianguke. Huwezi kuisoma wala kuitumia. Hata hivyo, ukiwa umekuja na leseni yako, zote mbili lazima ziwe na leseni. Leseni 8 za hesabu ya juu zinakuwa 16 kwa kubofya kisanduku kimoja, na skrini haitakuzuia wala kukuuliza unazo ngapi.

Dhana: Tukishindwa, tutalipa kwa saa

Kwa Enterprise Edition kwenye RDS, njia hiyo haipo. Leseni ya ndani ya bei inapatikana kwa Standard Edition 2, toleo dogo, peke yake. Toleo hilo halina kugawa majedwali makubwa kwa vipande, halina Data Guard ya kutunza nakala ya akiba, na haliuziwi nyongeza hizo hata ukitaka kulipa. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu ya saa, chungulia mfumo wako unatumia nini:

```sql
SELECT name, detected_usages, last_usage_date
FROM dba_feature_usage_statistics
WHERE detected_usages > 0;
```

Orodha hii huleta mshangao wa pili. Ripoti za utendaji ziitwazo AWR, ambazo kila msimamizi wa kanzidata huzitazama mfumo ukizubaa, ni za nyongeza ya Diagnostics Pack, nayo huuzwa peke yake kwa dola 7,500 kwa kila leseni ya prosesa. Enterprise Edition huja ikiwa imeshaiwasha. Kama hamkuinunua, zima:

```sql
ALTER SYSTEM SET control_management_pack_access='NONE' SCOPE=BOTH;
```

Historia ya matumizi ya nyuma haifutiki kwa amri hiyo, na wakaguzi wanaisoma.

Dhana: Leseni yetu ni mtaji uliokwisha kulipwa, basi ni nafuu daima

Bei ya kununua imepita, ada ya msaada haijapita. Inakuja kila mwaka, seva iwake au isiwake. Kanzidata ya majaribio inayotumika saa kumi kwa siku, siku tano kwa wiki, inafanya kazi saa 50 kati ya 168. Kama Standard Edition 2 inaitosha, kulipa kwa saa kunakutoza takriban asilimia 30 ya wiki pamoja na diski, ambayo inalipiwa hata seva ikiwa imezimwa. Angalia tu kwamba RDS uliyoizima hujiwasha yenyewe baada ya siku saba. Mradi ukisimama mwezi mzima, weka ratiba ya kuizima upya kila wiki, au piga nakala kisha uifute kabisa.