Kwa nini haifniamu na zirkoniamu zinafanana kama pacha?

"Haifniamu ina protoni 32 zaidi ya zirkoniamu na iko chini yake kwenye jedwali la elementi. Mbona basi ukubwa wake ni uleule, na kuzitenganisha ni kazi ngumu hivyo?"

Kwa sababu katikati ya elementi hizo mbili kuna lanthanidi 14, na hao ndio wanaoula ule ukubwa ambao haifniamu ingetakiwa kuupata.

Tazama kundi la 4 kutoka juu. Ioni ya titaniamu yenye chaji +4 ina nusukipenyo cha pikomita 60.5. Ukishuka kwenda zirkoniamu, ganda moja la elektroni linaongezeka na ioni inanenepa hadi 72. Ukishuka tena kwenda haifniamu, ganda lingine linaongezeka, lakini nusukipenyo ni 71. Badala ya kukua, imepungua kidogo.

Hesabu ya protoni inaonyesha pa kutafuta. Kutoka titaniamu (22) hadi zirkoniamu (40) ni hatua 18. Kutoka zirkoniamu hadi haifniamu (72) ni hatua 32, yaani zile 18 pamoja na 14 za ziada. Hizo 14 ndizo za kujaza obitali za 4f, yaani nafasi za elektroni zilizo ndani ya ganda la nne.

Kwa kawaida elektroni za ndani huwakinga wenzao wa nje dhidi ya mvuto wa kiini. Elektroni za 4f zinaifanya kazi hiyo vibaya. Umbo la obitali zao limetawanyika na halikaribii sana kiini, kwa hiyo kila protoni mpya inapoingia, elektroni ya 4f inayokuja nayo inafuta sehemu tu ya mvuto wake. Kinachobaki kinawafikia wa nje na kuwavuta ndani. Hatua moja haionekani, ni kama pikomita 1 na kitu, lakini zikijumlishwa zote, ioni ya lanthanamu yenye chaji +3 ni pikomita 103 na ya lutetiamu ni 86. Haifniamu inafuata mara baada ya lutetiamu, ikiwa imeurithi mkazo wote huo. (Mkazo wa 4f si sababu pekee: katika atomi nzito elektroni za ndani huenda kwa kasi kubwa sana, na athari za rilativiti nazo huibana atomi.)

Ukitaka kuuona mkazo huo kwa mizani, linganisha msongamano. Atomi ya haifniamu ina uzito wa 178.5, ya zirkoniamu 91.2, ambayo ni mara 1.96. Msongamano wa metali zenyewe ni gramu 13.3 na 6.5 kwa sentimita ya ujazo, mara 2.05. Uzito umekaribia kuongezeka maradufu ndani ya nafasi ileile, au ndogo zaidi kidogo.

Katika kemia, chaji sawa na ukubwa sawa maana yake ni kwamba fuwele haziwezi kuzibagua. Haifniamu inaingia ndani ya madini ya zirkoni pale ambapo zirkoniamu ingekaa, na ndiyo maana ilijificha humo hadi 1923, Dirk Coster na George de Hevesy walipoitambua mjini Copenhagen kwa mistari ya eksirei. Mistari hiyo hutegemea idadi ya protoni, ambayo haijali ukubwa wa ioni.

Kwenye kinu cha nyuklia, hata hivyo, pacha hawa ni maadui. Zirkoniamu hutumika kutengeneza mirija ya fueli kwa sababu hainyonyi nyutroni: uwezo wake wa kuzinasa, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho bani, ni bani 0.18 tu. Wa haifniamu ni kama 104. Basi acha atomi 1 ya haifniamu katika kila 100: hiyo peke yake inaongeza takriban bani 1.04, na mrija wako unameza nyutroni karibu mara 7 ya ule safi.

Kuzitenganisha kunategemea tofauti ndogo mno inayorudiwa. Chumvi zao huyeyushwa kwenye maji yenye asidi na thayosayaneti, kisha hutikiswa na ketoni isiyochanganyika na maji. Haifniamu hupenda zaidi kuhamia kwenye ketoni, zirkoniamu hubaki zaidi kwenye maji. Mara moja haitoshi, kwa kuwa kila tabaka hubaki na kiasi cha mwenzake, hivyo vimiminika hupitishwa vikipishana kwa hatua nyingi.

Niobiamu na tantalamu hapo jirani nazo zina ioni za +5 za pikomita 64 zote mbili. Lakini usiubebe mfano huu hadi mwisho wa jedwali. Atomi za fedha na dhahabu zinakaribiana sana kwa ukubwa, ila asidi ya nitriki inaiyeyusha fedha na dhahabu inabaki imetulia chini ya chombo. Huko athari za rilativiti zimeshika usukani, na ukubwa peke yake hautabiri tena kitu.